Barua kwa Mwalimu wa Michezo: Ramadhani arudi uwanjani kwa hatua

Kliniki ya Wagonjwa wa Nje,
Kigoma Ujiji.
Jumatatu, 11 Mei 2026

Mwalimu wa Michezo,
Shule ya Sekondari.

Ndugu Mwalimu,

YAH: KUREJEA MICHEZONI KWA RAMADHANI, MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU, BAADA YA KUUMIA KICHWA TAREHE 2 MEI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia kwa ridhaa ya mama yake Ramadhani, ambaye ameniomba nikueleze hali ya mwanawe na utaratibu wa kumrudisha uwanjani. Najua kwamba unamtegemea katika safu ya ulinzi, na kwamba Jumamosi ya tarehe 23 Mei timu yako ina mchezo wa kutafuta nafasi ya kuingia timu ya wilaya ya UMISSETA. Nianze basi na jibu unalolisubiri: mchezo huo hatacheza, hata kama siku hiyo ataonekana mzima kabisa.

Kwa maelezo ya mwanafunzi mwenyewe na ya mwenzake aliyemsindikiza, Ramadhani aligongana vichwa na mchezaji mwingine wakati wa kuwania mpira wa kona, akaanguka chali na kisogo kikapiga ardhi, ambayo kwa msimu huu imekwisha kukauka na kuwa ngumu. Hakuzimia, lakini kwa dakika kadhaa alikuwa ameduwaa, akauliza mara mbili matokeo ni ngapi, kisha akamwagiwa maji na kuendelea kucheza hadi mwisho. Usiku alitapika mara moja na kichwa kikamuuma sana. Nyumbani walidhani ni malaria, jambo lisilo la ajabu hapa Kigoma, na kesho yake asubuhi mama yake alimleta kwetu ili apimwe. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Tulimwangalia kwa muda wa saa 24, tukapima fahamu zake, mboni za macho, nguvu za mikono na miguu, shingo na mwendo, wala hatukuona dalili ya damu kuvuja ndani ya fuvu au ya mfupa kuvunjika. Alichopata ni mtikisiko wa ubongo.

Nieleze kidogo hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika mtikisiko wa ubongo seli za ubongo huvurugika katika utendaji wake bila kidonda kinachoonekana, na kwa hiyo hata picha ya CT kwa kawaida hutoka safi. Hakuna kipimo cha damu wala cha mashine kitakachotuambia siku fulani kwamba amepona. Tunategemea dalili, na dalili tunazipata kwa kumuuliza mgonjwa, ambaye kwa upande wetu ni kijana wa miaka 16 anayetamani sana kuvaa jezi. Ndiyo sababu tunamrudisha kwa hatua, tukiuongeza mzigo kidogo kidogo na kutazama mwili unajibu nini, badala ya kumuuliza tu kama anajisikia vizuri. Utaratibu ninaoufuata ni ule wa hatua sita uliokubaliwa na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, nikiuongezea tahadhari kwa kuwa yeye bado ni kijana, na ubongo wa kijana huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Hatua ya kwanza ameimaliza. Siku mbili za mwanzo alipumzika nyumbani, kisha akaanza kutembea na kufanya kazi ndogo ndogo. Tarehe 6 Mei alirudi darasani kwa nusu siku, na leo ameanza siku nzima. Maumivu ya kichwa yalimwisha Ijumaa tarehe 8. Bado analalamika kwamba akisoma ubaoni kwa zaidi ya nusu saa anachoka macho. Hilo ni dogo, lakini ningependa ulijue, kwa sababu masomo hutangulia mpira: asipoweza kukaa vipindi vyote bila tabu, hawezi kupanda hadi mazoezi ya timu.

Hatua ya pili itaanza kesho Jumanne tarehe 12, nayo ni kuupa moyo kazi bila kukitikisa kichwa. Siku ya kwanza atembee haraka kwa dakika 15 hadi 20, mapigo ya moyo yasizidi 112 kwa dakika. Siku inayofuata akimbie taratibu kwa muda huo huo, mapigo yasizidi 143. Huhitaji kifaa chochote: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne, ili siku ya kwanza usipate zaidi ya 28 na siku ya pili usipate zaidi ya 35. Afanye haya jua likiwa limepungua, kwa kuwa joto la saa nane mchana peke yake laweza kumletea maumivu ya kichwa na kutuchanganya sote wawili.

Hatua ya tatu, kuanzia Alhamisi tarehe 14, ni mazoezi ya mpira akiwa peke yake, mbali na wenzake: kukimbia na kugeuka, kukokota mpira kati ya vigingi, kupiga pasi za chini ukutani. Hapigi mpira kwa kichwa. Hasimami golini kwa utani wala haokoti mipira nyuma ya goli wakati wengine wanapiga mashuti, kwani nimeshawahi kumwona mgonjwa aliyerudi kwetu kwa njia hiyo.

Katika hatua hizi mbili, kabla ya mazoezi mwombe akupe namba ya dalili zake, kuanzia 0 kwa maana ya hakuna kabisa hadi 10 kwa maana ya kali kupita kiasi, kisha umuulize tena wakati wa mazoezi na baada yake. Ongezeko la namba moja au mbili linalopotea ndani ya saa moja halina ubaya, na aendelee. Likizidi hapo au likidumu zaidi, asimame siku hiyo, na kesho yake arudie alipokuwa. Kila hatua ichukue angalau saa 24. Anaruhusiwa kwenda polepole zaidi ya nilivyoandika, ila haruhusiwi kwenda haraka zaidi.

Ijumaa tarehe 15 nitamwona tena kliniki saa tatu asubuhi. Naomba asianze hatua ya nne kabla ya siku hiyo, hata akiwa na namba 0 wiki nzima. Nikiridhika, kuanzia Jumatatu tarehe 18 ataingia hatua ya nne, yaani mazoezi pamoja na timu yasiyo na kukabana: pasi za kasi, mipango ya kushambulia, mbio za kasi na mazoezi ya kujenga misuli. Avae kizibao cha rangi tofauti ili kila mmoja ajue kwamba huyu hakabwi. Katika hatua hii hatutakiwi tena kuona dalili yoyote, na ikitokea hata moja, arudi hatua ya tatu na unijulishe. Abaki hapa wiki nzima, ingawa nafahamu kwamba wiki hiyo ndiyo utakayoiona ndefu kuliko zote.

Hatua ya tano ni mazoezi kamili ya kukabana, pamoja na mipira ya juu. Kwa mchezaji wa umri wake nataka zipite siku 14 bila dalili yoyote akiwa amepumzika kabla ya hatua hii, na kwa hesabu ya kuanzia tarehe 9 siku hizo zinatimia tarehe 22. Nimeipanga Jumatatu tarehe 25, na mazoezi ya pili ya aina hiyo yawe Jumatano tarehe 27. Mipira ya kichwa ianze kwa kurushiwa kwa mkono kutoka karibu, michache, kabla ya kona na krosi. Hatua ya sita ni mchezo wenyewe, nao hauwezi kuwa kabla ya Jumamosi tarehe 30 Mei. Hatua ya tano na ya sita zote zinahitaji barua yangu ya pili. Barua hii ya leo isitumike kama kibali cha kucheza, wala mtu yeyote asikubali maneno ya mdomo kwamba daktari ameruhusu.

Sababu ya ukali huu ni kwamba ubongo ambao haujapona hauvumilii pigo la pili kama ulivyovumilia la kwanza. Mara nyingi pigo hilo hurefusha tu maradhi kwa wiki au miezi. Mara chache sana, na hasa kwa vijana, ubongo huvimba kwa ghafla na mchezaji hufa ndani ya muda mfupi. Silisemi hili kwa kukulaumu kwa yaliyotokea tarehe 2, kwa sababu kijana alisimama, akajibu, akaomba kuendelea, na walimu wengi wangemwacha. Lakini safari ijayo, mchezaji yeyote aliyegonga kichwa na kuduwaa, kuyumba au kuuliza swali lile lile mara mbili atolewe na asirudi siku hiyo.

Ukimwona Ramadhani, wakati wowote, akitapika tena na tena, akipata degedege, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akiongea kwa kukokota ulimi, akiona vitu viwili viwili, akilegea mkono au mguu, maumivu ya kichwa yakizidi kila saa, au maji maji yakimtoka puani au sikioni, mlete hospitali mara moja bila kusubiri ndugu, na asipande pikipiki peke yake nyuma ya dereva. Akipata homa, apimwe malaria kama mtu mwingine yeyote, lakini dalili nilizozitaja zisisubiri majibu ya kipimo hicho.

Yapo mambo ya nje ya uwanja ambayo mama yake ninamwachia, ila wewe huenda ukasikilizwa kuliko sisi sote. Hadi nimpe barua ya pili, asiendeshe baiskeli mteremko wa kuja Mwanga, asipande michikichi, wala asiogelee ziwani. Ameniambia kwamba mjomba wake humchukua usiku kwenda kuvua dagaa. Hilo nalo lisubiri, kwa sababu anahitaji usingizi wa usiku mzima. Vilevile asimeze panadol kabla ya mazoezi, kwani dawa huficha dalili tunazozitafuta.

Naomba uandike kwenye daftari namba anazokupa kila siku pamoja na mapigo ya moyo, na umpe daftari hilo aje nalo tarehe 15. Anafahamu kwamba nitalisoma kabla ya kumuuliza yeye.

Wako katika kazi,

Dkt. Zawadi
Daktari, Kliniki ya Wagonjwa wa Nje

Nakala: Mkuu wa Shule, Mama mzazi wa Ramadhani