Kabla Hatujafungua: Vitana, Mashine na Chupa

Jamani, habari za asubuhi. Sogeeni hapa kwenye sinki kidogo, mteja wa kwanza bado yuko njiani.

Kesho Jumamosi, mnajua inavyokuwa. Wanachuo wanajaa mpaka kibarazani, na hapo ndipo kitana kinapotoka kichwa hiki kuingia kingine. Mapunye na chawa havichagui mtu. Kwa hiyo kitana kilichotumika kinaingia beseni jekundu, hata kama mteja ni shoga yako.

Kutoka pale: toa nywele zote, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo kiingie kwenye Jiki. Ukitumbukiza kitana chenye mafuta na uchafu, Jiki haifanyi kazi, unajidanganya tu. Ile yetu ni ya asilimia 3.5, basi kikombe 1 cha Jiki kwa vikombe 6 vya maji, dakika 10, kisha suuza, anika kwenye taulo safi, funika. Vumbi la hapa Dodoma mnalijua. Mchanganyiko ni wa siku hiyo hiyo, jioni unamwagwa. Najua maji ya bomba yanakatika, ndiyo maana lile pipa la nyuma lisiguswe kwa kudekia.

Vyuma usiviloweke kwenye Jiki, vinashika kutu. Baraka, mashine: chomoa kwenye umeme, piga brashi, pulizia spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe, tia mafuta. Usiipulizie karibu na pasi ya nywele, spiriti inashika moto. Wembe ni mteja mmoja, wembe mmoja, halafu kwenye boksi gumu. Homa ya ini B inaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, na damu yenyewe huenda usiione.

Sasa chupa. Tunanunua shampuu kwa dumu la lita 5, tunamimina kwenye chupa ndogo, sawa. Lakini kila chupa iandikwe jina, nguvu yake kama ni developa, tarehe ya kumimina, tarehe ya kuisha iliyo kwenye dumu, na jina la aliyemimina. Andika kwa maka, pitisha selotepu juu, maana maji yanafuta wino. Andika ubavuni, siyo kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana.

Asetoni, spiriti na Jiki kwenye chupa ya maji ya kunywa au soda, hapana kabisa. Watoto wa wateja wanazunguka humu. Na developa iliyobaki bakulini hairudi kwenye chupa: ikichafuka inatoa gesi, chupa inavimba na inaweza kupasuka.

Rehema, maka na selotepu ziko droo ya juu, anza na rafu ya rangi. Ile chupa ya kijani isiyojulikana ina nini, msiinuse wala msiimwage sinkini. Niwekeeni kando, nitaiondoa mwenyewe.