Barua kwa Dhamana wa Kituo: muda wa kusubiri kliniki ya sukari

Pujini, Pemba
Alhamisi, 9 Januari 2025

Kwa Dhamana wa Kituo cha Afya,
Nakala: Kamati ya Afya ya Shehia

YAH: MUDA WA KUSUBIRI KLINIKI YA SUKARI, SIKU ZA JUMATANO

Assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli, na kila baada ya wiki nne humleta mama yangu mzazi kliniki ya sukari hapo kituoni. Ana miaka 67 na huchoma insulini usiku. Naandika kuhusu muda tunaokaa kabla ya kuhudumiwa, na kutoa mapendekezo ambayo naamini yanawezekana kwa watu na vifaa mlivyonavyo sasa.

Mara tatu zilizopita niliandika saa kwenye daftari. Tarehe 13 Novemba tulifika saa 1:10 asubuhi, mama akapimwa sukari saa 3:40, akaingia kwa daktari saa 5:20, tukatoka na dawa saa 6:15 mchana. Tarehe 11 Disemba tulifika saa 12:55, tukatoka saa 6:40. Jana tulifika saa 1:05, tukatoka saa 6:35. Kwa daktari mama hukaa dakika 5 hadi 8, na daktari humsikiliza vizuri. Saa zetu nyingi zinaishia nje, kabla hata hajapimwa.

Jana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sote huambiwa tuje na njaa ili kipimo kiwe sahihi, na mama alikula mara ya mwisho saa 2 usiku. Ilipofika saa 3:35 asubuhi, faili lake bado halijaonekana, nikaona anashindwa kufunga kifungo cha mkoba. Mikono inatetemeka, na ukingo wa kanga umerowa jasho ilhali tumekaa upande wa upepo. Muuguzi aliyekuwa akipita aliacha alichokishika, akampima palepale: sukari imeshuka hadi 3.2. Akamkorogea maji ya sukari, akasimama naye mpaka akatulia. Namshukuru sana muuguzi yule, na naomba shukrani hizi zimfikie. Lakini asingepita wakati ule, zamu yetu ya kupimwa ilikuwa bado mbali.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: kipimo cha sukari kitangulie faili. Kila mgonjwa ana kadi yake mkononi. Apimwe akifika, matokeo yaandikwe kwenye kadi pamoja na saa, kisha anywe chai na asubiri faili akiwa ameshakula. Wanaochoma insulini wapimwe mwanzo kabisa. Kusubiri akiwa ameshiba mzee anaweza. Kusubiri na njaa ndiko kunakotia hatarini.

Faili lenyewe linachelewa kwa sababu ninayoiona dirishani. Mtafutaji ni mmoja, na huanza kutafuta tukishafika. Majina yetu nayo yanafanana mno: jana waliitwa kina Fatma Ali watatu, na faili likarudishwa mara mbili. Daftari la miadi linaonyesha nani anakuja Jumatano. Mafaili yakitolewa Jumanne mchana na kupangwa kwa namba ya kadi badala ya jina, asubuhi itakuwa ni kukabidhi tu.

Kuna jambo dogo linaloleta manung'uniko mengi. Kadi zetu huwekwa mezani, moja juu ya nyenzake, halafu huitwa kuanzia ya juu. Aliyefika mwisho huitwa mwanzo. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Vipande vya karatasi vyenye namba vitalimaliza.

Mwisho, sote tumeandikiwa saa 1. Wa karibu wangeweza kuandikiwa saa 1, na wanaotegemea gari kutoka mbali saa 3. Mama angefurahi kuwa wa saa 3, kwa sababu angepata usingizi baada ya Alfajiri.

Najua wafanyakazi ni wachache na Jumatano watu ni wengi, nami sitaki barua hii imletee yeyote karipio. Niko tayari kuja saa 12:30 asubuhi Jumatano ya miadi yetu kugawa namba, na nimeshazungumza na wenzangu wawili wenye wazee wao hapo, nao wamekubali.

Miadi yetu ijayo ni 5 Februari. Naomba, kabla ya siku hiyo, mnipe nafasi ya dakika 20 nije nikuonyesheni daftari langu la saa, au mniambie lipi kati ya haya linaweza kujaribiwa kwanza. Ningependa tuwe tumeanza kabla ya Ramadhani, kwa sababu wazee wengi watakuja kuuliza kama wafunge au wasifunge, na daktari atahitaji muda wa kukaa nao. Namba yangu ya simu imo kwenye faili la mama.

Wabillahi tawfiq.

Mwana na mlezi wa mgonjwa,
Kliniki ya sukari, Jumatano