Mchumba wa Nansio

Shangazi Mbuke hakuwa na shida na Masanja, ila umri wake. Kijana miaka 33, fundi wa mashine za mitumbwi pale Kirumba, ana mikono ya kazi na hadeni mtu, lakini jioni anakula chipsi kibandani. Marehemu kaka yake alimwachia mtoto huyo, na Shangazi hakutaka kukutana na kaka mbinguni akaulizwa wajukuu wako wapi.

Basi akapanga. Sisi tuliokuwa tunauza dagaa jirani naye pale Mwaloni tulijua kila hatua, maana Shangazi hakuwahi kupanga jambo kimya kimya. Binti alishapatikana: Tabitha, wa Nansio, Ukerewe, mtoto wa mteja wake wa zamani. Anajua dagaa tangu tumboni mwa mamaye. Ana adabu. Nyonga, Shangazi alisema, za kubeba mapacha.

Siku nayo ilichaguliwa kwa akili. Ilikuwa mbalamwezi, wiki ambayo taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi imelala ufukweni na mtu wa ziwani hana kisingizio cha kazi. Tabitha akashuka kwenye meli na kiroba cha zawadi begani. Masanja akaitwa kwa uongo mdogo: njoo uangalie friji.

"Shikamoo, mama," binti akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye Masanja. Ni fundi, hanywi, na viwanja anavyo viwili Buhongwa."

"Kimoja, Shangazi."

"Cha pili kinakuja."

Akapakua sato wa kukaanga na ugali, kisha katikati ya chakula akakumbuka kwamba chumvi imekwisha. Chumvi ilikuwepo, tuliiona. Alikuja kukaa kwangu muda mrefu, anachungulia pazia, anahesabu ng'ombe kwa vidole. Mahari ya Ukerewe, akasema, haitazidi kumi, atauza magunia ya msimu mmoja tu. Aliporudi aliwakuta wameinamia simu moja, vichwa karibu kugusana. Akarudi nyuma kwa ncha za vidole na kunijia mbio, machozi yanamlenga.

Walikuwa wanapiga hesabu.

Hilo tulilijua baadaye. Tabitha alikuwa amefungua kiroba chake akamtafunisha Masanja dagaa wake. Hawakukwaruza meno hata kidogo, kwa sababu kwao hawaanikwi mchangani; wanatandazwa juu ya chanja, wavu kwenye miti, upepo unapita juu na chini. Mvua ikinyesha unafunika turubai, huna haja ya kuokota mmoja mmoja kwenye matope. Shida yake ilikuwa mtumbwi wa kuwafikisha Mwanza na mnunuzi wa maana. Masanja alikuwa na mashine mbili alizozifufua mwenyewe. Na mnunuzi? Shangazi alikwisha kumtaja mezani, kwa majivuno: Mkongo wake wa lori, anayelipa taslimu, na namba yake hii hapa, mwanangu, ukitaka kuuliza mtu sifa zangu.

Miezi miwili Shangazi alikuwa na furaha isiyo na mfano. Masanja hashindi tena kibandani, kila wiki yuko Nansio! Akanunua kitenge cha sherehe. Akamtuma mshenga, mzee mmoja wa Pasiansi mwenye maneno matamu, apeleke barua ya posa.

Mzee akarudi na barua yake haijafunguliwa.

"Mama Mbuke, binti ana mchumba. Mwalimu, yuko Sengerema. Mahari imeshatolewa."

"Na Masanja anajua?"

"Ndiye aliyewavusha ng'ombe."

Nilidhani ataanguka. Lakini pigo lenyewe lilikuja Jumatatu, pale lori la Mkongo lilipopita meza yake bila kusimama, likapakia magunia upande wa pili wa soko, kwenye kibao kipya: MASANJA NA TABITHA, DAGAA WASIO NA MCHANGA.

Shangazi akajifunga kanga kiunoni. Tukamfuata wote, biashara tukaiacha, nani angekosa?

"Wewe mtoto! Mimi nakutafutia mke, wewe unaninyang'anya mteja?"

"Shangazi, mke nilishampata. Yuko Geita, anauza dawa. Nilitaka kukwambia siku ile ya friji."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekwenda kununua chumvi."

Soko zima likaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alichota dagaa kiganjani, akatafuna taratibu akiwa amefumba macho, kama anavyomjaribu muuzaji yeyote. Akatafuna tena.

"Gunia bei gani?"

Tabitha akataja.

"Kwa mtu aliyewakutanisha?"

"Kwako mama tunapunguza elfu tano."

"Kumi. Na huyo wa Geita aje Jumapili, nimwone nyonga."