Shafti ya Singida: viwanda vya badala ya kuagiza, vilichojenga na vilichokula

Juni iliyopita mashine ya shangazi yangu ya kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida, ilisimama siku kumi na tisa. Magunia yalipangwa hadi kwenye kenchi, wakulima wakawa wanakuja asubuhi na madumu yao matupu na kurudi nayo vilevile. Shafti ilikuwa imekatika. Mashine ni ya India na spea inaagizwa kupitia wakala wa Dar es Salaam, naye alikuwa anasubiri mzigo. Shangazi alikaa juu ya gunia la mashudu akasema, "Alizeti yetu, mafuta yetu, chuma cha watu."

Maneno hayo matatu yananitosha kuingia kwenye historia ya sera iliyotawala nchi changa kwa miaka thelathini hivi baada ya Vita Kuu ya Pili: kuzalisha nyumbani kile kilichokuwa kinaagizwa nje. Hoja yake ilikuwa na mizizi. Mwaka 1949 Raúl Prebisch, mchumi wa Argentina, aliandika kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Hans Singer naye akafikia hitimisho hilohilo, karibu wakati huohuo. Kwa Tanganyika, iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, hili halikuwa jambo la vitabuni. Bei ilianguka katikati ya miaka ya 1960, na Nyerere hakuchoka kueleza jinsi trekta lilelile lilivyozidi kudai tani nyingi za mkonge. Wanaoicheka sera hii leo wangejiuliza wao wangeshauri nini mwaka 1965.

Zana zake zilikuwa ushuru mkubwa wa forodha, vibali vya kuagiza, mikopo nafuu na shilingi iliyoshikiliwa juu ya thamani yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali yenyewe ikawa mwenye viwanda, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa na mashirika yaliyozaliwa baadaye. Urafiki ikaanza kusuka nguo Dar es Salaam kwa msaada wa China mwaka 1968, Arusha ikapata kiwanda cha matairi, Ubungo majembe, na Mwanza na Musoma nguo. Nchi iliyokuwa ikiuza pamba na kununua khanga ilianza kuvaa pamba yake. Kijana aliyetoka kijijini akajifunza kusoma mchoro wa mashine, kupanga zamu na kutunza boila. Faida ya namna hiyo haionekani kwenye mizania ya shirika, na wanaofanya tathmini kwa kuhesabu hasara peke yake huiruka.

Kasoro ilijificha kwenye hesabu ya ulinzi. Chukua bidhaa inayouzwa shilingi 100 bandarini, huku malighafi na vipuri vyake vikigharimu 80. Duniani, kazi ya kiwanda ina thamani ya shilingi 20. Weka ushuru wa asilimia 50 kwenye bidhaa iliyokamilika na uache malighafi ziingie bure: kiwanda cha nyumbani sasa kinaweza kuuza kwa 150, na kazi ileile inapata 70. Kwenye karatasi ushuru ni asilimia 50. Ulinzi halisi ni asilimia 250. Meneja mwenye nafasi hiyo hana sababu ya kupunguza uchafu wala kuwahi asubuhi. Mbaya zaidi, mpango huohuo unamfanya apende kuagiza, kwa kuwa pembejeo za nje ni rahisi kwake. Kwa hiyo sera iliyokusudia kupunguza kiu ya dola iliibadilisha tu sura. Zamani tuliagiza shati, sasa tukaagiza mashine ya kusuka, rangi na spea. Shati unaweza kulikosa mwaka mmoja ukavaa la zamani; spea ikikosekana, watu elfu wanakaa getini.

Morogoro, njia ya kwenda Dar, kulijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutoa jozi zipatazo milioni nne kwa mwaka, na sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Hakikukaribia hata sehemu ya kumi ya uwezo huo, na soko la Ulaya halikuonja kiatu chake. Jengo lenyewe halikufaa kwa joto la Morogoro. Nakitaja kwa sababu mara nyingi lawama zote hubebeshwa ujamaa, ilhali mkopeshaji alikuwa Washington na wataalamu walikuja na michoro yao.

Nani alilipa? Mkulima. Shilingi iliyoshikiliwa juu ilimpunguzia bei ya pamba, kahawa na korosho, na ushuru ukampandishia bei ya jembe na khanga. Alipoona hela haina cha kununua, alipunguza kulima cha kuuza. Mkonge uliozidi tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960 ulikuwa umebaki kama tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mazao yaliyopaswa kulipia spea ndiyo yaliyokamuliwa hadi yakakauka. Wazee wa Dodoma wanaokumbuka foleni za maduka ya ushirika wanajua upande wa pili wa hesabu hiyo: sabuni kwa kipande, sukari kwa kibali, na mlanguzi nyuma ya nyumba.

Haki inadai kuongeza kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli mwaka 1973 na 1979, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera. Lakini mapigo ya mafuta yaliipata Korea Kusini pia. Nayo ililinda viwanda vyake bila aibu, ila mkopo wa bei nafuu ulifungwa kwenye shehena iliyouzwa nje: hujauza, hupati. Brazil na Meksiko zilikua kwa kasi kwa miongo mizima ndani ya ukuta wa ushuru, hadi Agosti 1982 Meksiko ilipotangaza kuwa haiwezi kulipa madeni. Kwetu ukuta uleule ulizunguka soko la watu milioni 12 hivi, wengi wao wakiwa na fedha taslimu kidogo sana. Mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola ikapanda kutoka shilingi 17 hadi zaidi ya 50 mwaka huohuo. Mitumba ikavimalizia viwanda vya nguo.

Kwangu, basi, kosa kubwa halikuwa kulinda. Lilikuwa kulinda bila tarehe ya mwisho, bila kudai chochote, na kwa gharama ya yule aliyekuwa akileta dola.

Swali la kulinda viwanda limerudi kanda ya kati. Mwaka wa fedha 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya kula ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa hadi 35, ili alizeti ya Singida na Dodoma ipate pumzi. Mimi niliunga mkono, na bado naunga. Ila sijasikia mkamuaji yeyote akiulizwa atatoa lita ngapi zaidi kwa kila gunia.

Shafti ya shangazi, hatimaye, haikutoka Dar. Mpwa wake aliipakia kwenye basi hadi Dodoma, kwa mzee mmoja mwenye karakana Kizota aliyejifunza uchongaji vyuma katika kiwanda cha umma kilichokwisha kufa. Aliichonga upya kwa siku mbili, akatoza laki moja na themanini, na akauliza kwa nini hawakuja wiki ya kwanza.