Barua ya kuomba kuhamishwa kutoka zamu ya usiku kwenda zamu ya mchana

Neema Mollel,
Namba ya kazi 0212,
Idara ya Ukataji na Ufungashaji Mikate,
Zamu ya Usiku.

9 Juni 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Mikate,
Unga Limited,
Arusha.

KUPITIA: Msimamizi wa Zamu ya Usiku

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA ZAMU YA USIKU KWENDA ZAMU YA MCHANA KWA SABABU YA USALAMA WA NJIA YA KURUDI NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kuhamishiwa zamu ya mchana ya ufungashaji, ile inayoanza saa 1:00 asubuhi na kuisha saa 9:00 alasiri, kuanzia Jumatatu tarehe 23 Juni 2025. Kazi ya usiku yenyewe sina tatizo nayo. Tatizo ni kipande cha njia cha mita 1,300 ambacho tangu mwezi Aprili nalazimika kukipita kwa miguu, gizani, baada ya kazi.

Hadi mvua za masika zilipoanza, gari la wafanyakazi lilikuwa likitoka getini saa 10:15 alfajiri, linapita Kwa Mrombo na kuingia ndani ya mtaa hadi shule ya msingi. Kutoka hapo kwangu ni kama mita 150, nyumba zimepangana na taa za nje zinawaka. Mvua ya Aprili ilikata kalavati la korongo lililo kabla ya shule, na sasa gari linageuzia stendi ya Kwa Mrombo, ambako hufika kama saa 10:40. Simlaumu dereva. Maji yamekula ukingo wa barabara pande zote mbili, na hata pikipiki yenye mzigo haivuki.

Kutoka stendi, mita 400 za kwanza ni maduka yaliyofungwa, lakini yana taa na mlinzi mmoja. Zinafuata kama mita 600 ambazo upande wa kushoto ni shamba la mahindi na kulia ni korongo. Hakuna nyumba, hakuna taa, na mahindi sasa yamempita mtu kimo. Mwisho wake ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo, anapita mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo wanapokaa vibaka, maana anayevuka hawezi kukimbia mbele wala kurudi nyuma. Kundi la ulinzi shirikishi la mtaa hufanya doria hadi saa 9:00 usiku, kisha wanakwenda kulala. Mimi nafika kwenye magogo kama saa 10:55.

Ofisi ya mtaa imeandikisha matukio matatu katika kipande hicho, yote kati ya saa 10:00 na saa 11:30 alfajiri. Tarehe 13 Mei, mama anayepeleka mboga soko la Kilombero alinyang'anywa simu na mtaji wa siku. Tarehe 24 Mei, mwendesha bodaboda alikuta gogo limelazwa njiani, akaangushwa na kuumizwa mkono. Tarehe 3 Juni nilifukuzwa mimi na vijana wawili, nikarudi mbio kwa mlinzi wa maduka. Niliripoti polisi asubuhi ileile na nakala ya RB nimeiambatisha.

Kabla ya kuandika nilijaribu njia nyingine, na ni haki yako kujua kwa nini hazikufaa.

Bodaboda: saa hizo stendi huwa na pikipiki moja au mbili, siku nyingine hamna kabisa. Ikiwepo, inazunguka njia ya juu ya karibu kilometa tatu kukwepa korongo, na bei yake ni sh. 5,000. Kwa usiku 26 wa kazi kwa mwezi ni sh. 130,000, yaani theluthi moja kamili ya mshahara wangu wa msingi wa sh. 390,000. Hiyo siiwezi.

Kusubiri kupambazuke kiwandani: mwezi huu jua la Arusha huchomoza kama saa 12:35 asubuhi. Kutoka saa 10:00 alfajiri hadi hapo ni zaidi ya saa mbili na nusu za kukaa bila kazi, au saa 15 kwa wiki, juu ya saa 42 ninazofanya kazi. Isitoshe, hatuna chumba cha kupumzikia. Eneo la kupakia huwa na magari na kreti tangu saa 10:30, na mlinzi wa geti ana maelekezo kwamba aliyemaliza zamu na kukaguliwa atoke nje. Amenivumilia mara nne, na sipendi aingie matatani kwa ajili yangu.

Gari la kusambaza mikate linalokwenda Muriet hupita karibu na kwangu kwa upande wa pili wa korongo, na hiyo ndiyo ingekuwa dawa rahisi kuliko zote. Lakini utaratibu wa kiwanda ni dereva na msaidizi mmoja tu, na nimeelezwa kuwa bima ya gari hilo haimhusu abiria.

Kuhusu sheria, naomba niseme wazi ili ombi langu lisieleweke vibaya. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amhamishe mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyethibitishwa kuwa hafai tena kufanya kazi usiku. Mimi sina cheti cha namna hiyo na sidai kwa kifungu hicho. Naomba kwa busara ya uongozi. Kifungu hichohicho kinaweka nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Kwa kuwa saa zangu zote ziko humo, nyongeza yangu ni sh. 19,500 kwa mwezi. Natambua kwamba nikihamia mchana itaondoka, na nimekubali.

Najua pia kuwa swali lako la kwanza litakuwa nani ataziba pengo. Mfanyakazi mwenye namba ya kazi 0147, wa ufungashaji mchana, yuko tayari tubadilishane, na ameandika kwa mkono wake (kiambatisho cha tatu). Anakaa hapahapa Unga Limited, mwendo wa dakika kumi kwa barabara yenye taa, hivyo korongo halimhusu. Mashine ya kukatia anaijua, aliitumia miezi minne mwaka jana.

Tofauti iliyopo ni kwamba mchana anakata mikate michache na kufungasha zaidi skonzi na keki, wakati usiku ni mikate ya slaisi mfululizo na magari yanasubiri. Kosa la mtu mgeni wa usiku ni moja: anaona saa inakwenda, anaingiza mkate kwenye mashine kabla haujapoa. Mkate unaotoka kwenye oveni unahitaji saa moja na nusu hadi mbili kwenye racki. Ukikatwa ukiwa na moto ndani, nyama yake inanata kwenye visu, slaisi zinachanika, na ukifungwa hivyo mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Mkate huo huota ukungu dukani kabla ya tarehe yake, na unarudi kwetu. Racki ya kwanza ikitoka saa 3:00 usiku isiguswe kabla ya saa 4:30. Muda huo ndio wa kusafisha makombo kwenye visu, kukagua kama kuna kisu kilicholegea na kupanga mifuko na vibanio.

Kwa hiyo napendekeza makabidhiano ya usiku sita, kuanzia Jumatatu tarehe 16 hadi Jumamosi tarehe 21 Juni. Siku tatu za kwanza naendesha mimi na yeye anatazama, tatu za mwisho anaendesha yeye na mimi nafungasha. Kwa wiki hiyo mchana utapungukiwa mtu mmoja. Msimamizi wa mchana ameniambia kwa mdomo kuwa Juni siyo mwezi mzito kwao, ila ni vizuri umuulize mwenyewe.

Kuna mambo mawili madogo ambayo yakisahaulika uhamisho hautanisaidia kitu. La kwanza, nisipangwe na kundi la mchana la oveni linaloanza saa 12:00 asubuhi. Ili kufika saa hiyo ningetoka nyumbani saa 11:10, nikapita magogo yaleyale katika giza lilelile. Kwa zamu ya saa 1:00 natoka saa 12:10, mwanga umeanza, na njia ina wanafunzi na watu wa sokoni. La pili ni kazi za ziada. Sikatai, lakini jioni giza huingia mapema, hivyo naomba zinazonihusu ziishe kabla ya saa 11:00 jioni, au niitwe siku ya mapumziko yangu mchana.

Siombi uhamisho wa maisha. Kalavati likijengwa na gari likaanza tena kuingia hadi shule, niko tayari kurudi usiku nikipewa taarifa ya wiki mbili. Ofisi ya mtaa bado haina tarehe ya ujenzi, kwa hiyo napendekeza tulitazame suala hili upya mwishoni mwa Septemba.

Kuanzia leo hadi utakapotoa uamuzi, naomba kibali cha maandishi kwa mlinzi wa geti niruhusiwe kukaa kwenye benchi la mapokezi hadi saa 12:30 asubuhi. Bila karatasi hiyo, kila alfajiri inabaki kuwa maelewano kati yangu na mlinzi aliyeko zamu, na wako watatu.

Niko tayari kuitwa kwa maelezo zaidi siku yoyote saa 1:00 jioni, kabla ya kuingia kazini. Namba yangu ya simu iliyo kwenye jalada haijabadilika.

Wako katika kazi,

(Sahihi)
Neema Mollel

Viambatisho:
1. Barua ya Afisa Mtendaji wa Mtaa yenye tarehe na saa za matukio matatu.
2. Nakala ya RB ya tarehe 3 Juni 2025.
3. Maandishi ya mfanyakazi namba 0147 ya kukubali kubadilishana zamu.
4. Picha mbili za kalavati na magogo, zilizopigwa mchana wa tarehe 7 Juni 2025.

Nakala:
Msimamizi wa Zamu ya Mchana
Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani