Mchoro wa transfoma ulio juu ya meza ya kazi

Vijana wangu wa karakana ya Kariobangi,

Jana jioni transfoma ya chaja iliungua mezani kwa sababu waya za upande wa volti 12 ziliunganishwa kwenye soketi. Sikumgombeza aliyeziunganisha. Mchoro umebandikwa hapo miezi mingi, na sijawahi kukaa nanyi tukausoma. Nimeuchora upya kwa kalamu nene, na haya ndiyo maelezo yake.

Anzeni kushoto. Waya mbili zenye alama Vp zinaleta umeme wa ukutani, volti 240, kwenye koili ya msingi, yaani ile inayopokea. Kulia ni koili ya upili, inayotoa, yenye alama Vs. Mistari miwili iliyosimama katikati ni kiini cha chuma. Sasa tafuteni waya unaovuka kutoka koili moja hadi nyingine. Haupo. Umeme wa kushoto haufiki kulia. Kinachofika ni usumaku.

Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukipita kwenye koili ya msingi, unakifanya chuma kuwa sumaku inayobadilika bila kutulia. Badiliko hilo ndilo linalozaa volti ndani ya waya, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831 kwa koili mbili zilizozungushwa kwenye pete ya chuma. Ndiyo maana betri haiwezi kuendesha transfoma: sumaku yake husimama palepale, na upande wa pili hupati kitu.

Hapa tutulie kidogo. Usumaku unaopita katika koili zote mbili ni uleule, kwa hiyo kila mzunguko wa waya hupata volti sawa, uwe wa kushoto au wa kulia. Kwenye mchoro wetu wa mfano, koili ya msingi ina mizunguko 1200. Gawanya 240 kwa 1200: kila mzunguko una volti 0.2. Koili ya upili ina mizunguko 60. Zidisha 60 kwa 0.2, unapata volti 12. Nimeandika chini ya mchoro:

Vs / Vp = Ns / Np

Np ni mizunguko ya msingi, Ns ni ya upili. Uwiano wetu ni 20 kwa 1, basi volti zinashuka mara 20. Ukitaka volti 24, zungusha 120. Ukitaka kupandisha volti, upili uwe na mizunguko mingi kuliko msingi. Transfoma ya kwenye nguzo huko barabarani hufuata hesabu hiyohiyo: koili hupokea volti 11,000 na mwenzake hutoa 240, karibu 46 kwa 1.

Msidhani kwamba kupandisha volti ni kuongeza nguvu. Taa ya wati 24 kwenye volti 12 inavuta ampea 2. Upande wa 240 zinaingia ampea 0.1 na ziada kidogo inayopotea kama joto. Volti zikishuka mara 20, mkondo unapanda mara 20. Kwa hiyo waya wa upili ni mnene na mfupi, wa msingi ni mwembamba na mrefu.

Sasa rudini kwenye ile iliyoungua. Tuseme ilikuwa kama ile ya mchoro: volti 240 zilipewa mizunguko 60 badala ya 1200, yaani volti 4 kwa kila mzunguko, mara 20 ya inavyostahili. Kwa hesabu tupu upande wa pili ungetoa volti 4,800, na hizo zinaua. Chuma hakiwezi kubeba usumaku mwingi hivyo. Kinashiba, koili inabaki kama waya mtupu, mkondo unafurika na vanishi inaanza kutoa moshi. Nashukuru fyuzi ilikatika na hakuna aliyegusa waya.

Vile vitone viwili juu ya koili vinaonyesha ncha zinazokuwa chanya kwa wakati mmoja. Mtavihitaji mkiunganisha koili mbili za upili kwa mfuatano, maana ukikosea ncha, volti zinafutana.

Mkikuta transfoma isiyo na maandishi, msikisie. Pimeni ukinzani wa kila koili ikiwa haina umeme. Kwenye hizi ndogo za kushusha volti, koili ya msingi husoma makumi ya omu au zaidi, na ya upili mara nyingi haifiki omu moja.

Iliyoungua nimeiweka rafu ya chini. Jumamosi tutaifungua, tuhesabu mizunguko ya upili mmoja mmoja, kisha tuone ilikuwa na volti ngapi kwa kila mzunguko.