Mpango wa Wiki Sita wa Mafunzo ya Kushona kwa Vijana Wanaoanza, Rubondo, Nakivale

Mafunzo haya ni ya vijana 12 wa miaka 13 hadi 17, wasichana kwa wavulana, walio nyumbani kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Tunakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tatu hadi saa sita kasorobo. Wiki ya Krismasi tunapumzika, kisha tunaendelea tulipoachia. Cherehani ni sita, zote za kukanyaga, kwa hiyo umeme ukikatika hatusimami. Vijana wanakaa wawili wawili: mmoja anashona, mwenzake anapiga pasi, anapima na kuangalia mshono. Kila nusu saa wanabadilishana.

Mpangilio wa kazi unafuata jambo moja: kila kazi inaleta ujuzi mpya mmoja tu, na ikiisha inaenda nyumbani kutumika. Kundi langu la kwanza niliwapa gauni wiki ya pili, kwa sababu ndilo walilolililia. Shingo zilikunjamana, vikwembe ambavyo mama zao walivinunua kwa shida vikaharibika, na wasichana watatu hawakurudi. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kikwembe hakiguswi mpaka wiki ya sita.

Vitambaa vya wiki tano za mwanzo ni mashuka ya mitumba ya pamba na marekani. Polista tunaikwepa, maana inateleza mikononi mwa anayejifunza. Kila kijana alete futikamba, sindano ya mkono, kigae cha chaki na daftari. Mikasi ya kitambaa tunayo minne, imefungwa utepe mwekundu mpinini, na haikati karatasi hata siku moja.

Wiki ya 1: Miguu kwanza, uzi baadaye

Siku ya kwanza hatutungi uzi. Mkanda unaanza ukiwa umetolewa, kijana akanyage pedali tu mpaka miguu ipate mwendo wake. Ukirudishwa, sheria ni hii: gurudumu la mkono linazunguka kuja kwako, kamwe si kwenda mbele. Anayeanza hukanyaga vibaya, gurudumu linageuka kinyume, na uzi unajisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Mkono wa kulia uanzishe gurudumu, miguu ifuate.

Halafu tunashona karatasi ya daftari bila uzi, tukifuata mistari yake. Matundu yanasema kweli: yakiwa juu ya mstari, mkono umetulia, yakitangatanga, kijana alikuwa anakiangalia kisindano badala ya kuangalia mstari unaokuja. Mistari iliyonyooka ikiisha, tunachora miraba na konokono. Kwenye kona sindano inabaki chini, mguu unainuliwa, karatasi inageuzwa.

Alhamisi ni kutunga uzi na kujaza bobini. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi unaingia tunduni kutokea upande huo. Mshono ukiruka, kabla ya kugusa skrubu yoyote, tazama kama sindano imewekwa kinyume au imepinda. Kwa mashuka tunatumia namba 90/14.

Jumamosi ni kazi ya mkono: kubandika kifungo na kushona kimto cha kuchomekea pini. Ndicho kitu cha kwanza kwenda nyumbani.

Wiki ya 2: Kitambaa cha kufunikia chakula

Mraba wa inchi 16 kwa 16. Hatuukati kwa macho. Tunachomoa uzi mmoja wa kitambaa, unaacha njia nyembamba kama ufa, tunakata juu ya njia hiyo. Hapo kijana anaona mwenyewe kwamba kitambaa kina mwelekeo, na kwamba nguo inayojipinda mwilini mara nyingi ilikatwa mshazari bila kukusudia.

Pindo: robo inchi, pasi, nusu inchi, pasi, ndipo mashine. Pasi ni ya makaa, ipigwe kwanza juu ya kitambaa kibovu ili majivu yasichafue kazi. Mwanzo na mwisho wa mshono tunarudi nyuma hatua tatu.

Wiki ya 3: Mfuko wa kamba

Kipande cha inchi 12 kwa 32, kimekunjwa katikati. Hatuna ovaloki, kwa hiyo tunajifunza mshono wa kujifunika: shona upande wa nje robo inchi, punguza nyuzi, geuza, shona tena kidogo zaidi ya robo inchi. Ncha zote zinafungiwa ndani. Juu tunaacha inchi mbili na nusu bila kuunganisha, tunakunja kingo zake na kuzishona, kisha tunakunja mdomo kuwa njia ya kamba. Atakayesahau uwazi huo atafumua, na kufumua ni sehemu ya somo. Msaidizi asimfumulie.

Wiki ya 4: Pedi ya kufua, na kurekebisha sare

Pedi inafundisha mshono wa mviringo. Upande wa mwili ni flaneli ya pamba, ndani tabaka tatu za taulo kuukuu iliyofuliwa vizuri, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa yenye kifungo cha kubana. Kwenye mviringo cherehani iende taratibu, na baada ya kushona tunakata vijipande vya pembe tatu kwenye ukingo ili ukigeuzwa usivimbe. Wavulana nao wanashona. Wana dada, na siku moja watakuwa na mabinti. Tunaeleza wazi: ifuliwe kwa sabuni, ikauke kabisa juani, isifichwe chini ya godoro ikiwa mbichi.

Jumamosi kila mmoja alete sare yake ya shule iliyochanika au iliyolegea pindo.

Wiki ya 5: Kaptula ya lastiki, kwa shuka

Hii ndiyo wiki nzito, na nawaomba wasaidizi wawe wote watatu. Tunachukua kaptula anayoivaa kijana, tunaikunja mguu juu ya mguu, tunavuta lastiki yake inyooke, tunaichora juu ya gazeti, mbele na nyuma kila upande kivyake. Tunaongeza nusu inchi pembeni, inchi moja na nusu chini na inchi mbili juu.

Kwanza shona kila mguu: nje, kisha ndani ya paja. Sasa unazo bomba mbili. Geuza moja uso nje, iingize ndani ya nyingine iliyo ndani-nje, nyuso zitazamane, na shona mpindo wa katikati kutoka mbele hadi nyuma mara mbili, kwa maana hapo ndipo kaptula huachia mtu akiinama. Asiyewahi kuona haamini mpaka avute mguu mmoja nje na kaptula itokee. Lastiki ni kipimo cha kiuno ukitoa inchi mbili, na ipitishwe kwa pini kubwa.

Anayetaka sketi ashone sketi. Njia ya kiuno ni ileile.

Wiki ya 6: Kikwembe

Yadi moja na nusu hadi mbili, iliyofuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuja, kwa kuwa pamba hurudi. Ni kaptula au sketi ileile ya wiki ya tano, pamoja na jambo jipya moja: mfuko wa kubandika. Maua makubwa yaangaliwe kabla ya kukata. Ndege asisimame kichwa chini mguu mmoja. Zipu na shingo ni za mafunzo yajayo.

Alhamisi tunamaliza. Jumamosi asubuhi tunapiga mswaki meno ya cherehani kutoa vumbi, tunatia mafuta na kushona kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kutoka. Saa nne wazazi wanakaribishwa. Vijana watakuwa wamevaa walichoshona, na meza ya mbele itakuwa na vimto, vitambaa na mifuko, pamoja na karatasi zile za matundu za siku ya kwanza.